Kismet ni fungu la nani?

"Shikamoo Mwalimu. Kazi yangu ni kutafsiri mazungumzo ya tamthilia za Kituruki, ila matini ninayopewa imeshageuzwa kwa Kiingereza. Neno kismet linanitesa. Kamusi ya Kiingereza inasema ni la Kituruki, mume wangu aliyesoma madrasa anasema ni Kiarabu kitupu, na mhariri wetu Mwingereza anasema hata Admirali Nelson alikufa akilitamka. Nani yuko sahihi? Na mimi niandike nini: bahati, kudra au majaaliwa?"

Marahaba, dada. Kamusi iko sahihi na mumeo pia yuko sahihi. Mhariri wako kauziwa hadithi, nitaifikia. Kuhusu la kuandika, mara nyingi jibu halimo katika yale matatu uliyoyataja. Neno utakalolihitaji zaidi ni riziki, na sababu yake iko kwenye mzizi wa neno lenyewe, kwa hiyo nivumilie nianzie huko.

Mzizi ni wa Kiarabu, herufi tatu: qaf, sin, mim. Kazi yake ni kugawa. Qasama ni aligawa, qism ni sehemu iliyogawiwa, na qisma ni ule ugawaji wenyewe au fungu analotoka nalo mtu baada ya kugawiwa. Mwarabu wa leo akisema qism anaweza kuwa anataja idara ya chuo kikuu, na Misri anaweza kuwa anataja kituo cha polisi. Hakuna ajabu yoyote hapo, ni sehemu ya kitu kikubwa tu. Kiswahili nacho kimebeba mzizi huu bila makeke: ofisini tunakasimu madaraka, kwenye bajeti za serikali kuna kasma, na watoto wetu tunawaita Kassim, yaani mgawaji. Tanzania mwaka 2015 ilipata Waziri Mkuu anayeitwa Kassim Majaliwa, na ukitafsiri majina hayo mawili kwa Kituruki utakuwa karibu umepata kamusi nzima ya kismet.

Mwambie mumeo afungue msahafu wake. Neno qisma lenyewe limo mara tatu, na mara zote tatu halimaanishi hatima ya mtu wala aliyoandikiwa. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 8, ni kugawa mirathi: jamaa, mayatima na maskini wakihudhuria ugawaji, wapewe chochote na waambiwe maneno mazuri. Katika An-Najm, aya ya 22, ni ugawaji wa dhuluma, pale washirikina wanapojichagulia wana wa kiume na kumpa Mwenyezi Mungu mabinti. Katika Al-Qamar, aya ya 28, ni maji: watu wa Thamud wanaambiwa maji yatagawanywa baina yao na ngamia, kila mmoja kwa zamu yake. Mirathi, dhuluma na zamu ya maji, yaani mambo ya watu wanaotazamana usoni, kila mmoja akiangalia mwenzake kapewa kiasi gani.

Lakini kutoka fungu la nyama hadi fungu la maisha si mbali. Katika Az-Zukhruf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu anasema kwamba Yeye ndiye aliyegawa maisha yao baina yao, na kitenzi ni kile kile, qasamna. Tena zamani, kabla ya Uislamu, Waarabu walikuwa wakichomoa mishale kujua la kufanya, na Al-Maida, aya ya 3, inapokataza jambo hilo inatumia kitenzi cha mzizi huu huu: kutaka kugawiwa kwa mishale. Kwa hiyo wazo kwamba yajayo ni kitu kinachogawiwa, na kwamba mtu anaweza kuchungulia fungu lake kabla halijamfikia, ni la kale sana. Hadi leo, Misri au Ghuba, posa ikivunjika wazee watasema ndoa ni qisma na nasib. Hilo la pili unalijua, maana ni nasibu yetu ya bahati nasibu, nalo pia asili yake ni fungu.

Tuvuke sasa kwenda kwa Waturuki. Wao huandika kısmet, na hiyo ı ya kwanza haina nukta. Si kosa la chapa. Kituruki kina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na hii ya pili hutamkwa ulimi ukiwa umerudi nyuma, kama mtu anayetaka kusema u huku midomo yake imelala. Neno la Kituruki cha asili hufuata ulinganifu wa irabu: zote za nyuma au zote za mbele. Kısmet linavunja kanuni hiyo, kwani ı ni ya nyuma na e ni ya mbele. Mturuki hahitaji kamusi kujua kwamba mgeni ameingia ndani.

Na ile t ya mwisho imetoka wapi, ikiwa Mwarabu anasema qisma? Ni ile te iliyofungwa, ambayo kwa Kiarabu husikika tu neno likiunganishwa na lingine. Waajemi waliichukua na katika maneno mengi wakaitamka hata neno likiwa peke yake, Waturuki wakafuata njia hiyo hiyo, na Wahindi wakapata kismat, ambalo wapenzi wa filamu za Kihindi wa pwani yetu wanalijua tangu utotoni. Sisi mara nyingi tuliiacha. Ndiyo maana tunasema siasa na wao wanasema siyaset, sisi fursa na wao fırsat, sisi baraka na wao bereket. Ukiushika ufunguo huu utajitambulia mwenyewe maneno mengi katika hizo tamthilia.

Katika dola ya Waosmani neno hili halikuwa la wapenzi hata kidogo. Mtu akifa akaacha mali, kadhi au ofisa wake aliyeitwa kassam ndiye aliyekuja kuorodhesha na kugawa. Orodha hizo zilihesabu magodoro, sufuria, madeni, hadi vilemba, na ada aliyokatwa marehemu kwa kazi hiyo iliitwa resm-i kısmet, yaani ada ya ugawaji. Mjane wa Bursa wa zama hizo akisikia neno kısmet mahakamani alikuwa anafikiria hesabu, si nyota. Istanbul kwenyewe, uwanja maarufu wa Taksim umepata jina kwa mzizi huu. Hapo mwaka 1732, enzi za Sultani Mahmud wa Kwanza, lilijengwa jengo la mawe la kupokea maji yaliyoletwa kutoka misitu ya kaskazini na kuyagawa kwa mitaa. Jengo bado lipo, pembeni mwa uwanja. Watalii wanapiga picha tramu wanalipita.

Sasa nakuja kwenye kiini cha jibu langu. Kwa sababu neno lilianza kama fungu, kısmet ya Kituruki karibu kila mara ina mwenyewe. Kısmetim ni fungu langu, kısmetin ni lako, kısmeti ni lake. Fungu la binti linaweza kuwa wazi, na hapo wachumba wanabisha hodi, au linaweza kuwa limefungwa, na hapo shangazi ataanza kutafuta mtu wa kulifungua. Kusema fungu la fulani limetokea maana yake amepata mposaji. Rafiki za bibi harusi huandika majina yao chini ya soli ya kiatu chake, na jina litakalofutika kwa kucheza ndilo la anayefuata kuolewa. Ukikutana na onyesho hilo, usishangae kwa nini wasichana wote wanainama kutazama kiatu. Na anayekataa jambo jema lililomjia mlangoni huambiwa analipiga teke fungu lake kwa mguu wake mwenyewe.

Utaona pia kwamba fungu hili hukaa karibu sana na chakula. Methali moja ya Kituruki inasema kilichomo katika kısmet yako ndicho kitakachotoka kwenye kijiko chako. Nyingine inasema mgeni huja na kısmet yake, ikimaanisha kwamba hali chakula cha wenyeji, anakuja na sehemu yake aliyogawiwa. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na hatuko mbali. Ya tatu ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa vina vyake:

Kısmetse gelir Hint'ten Yemen'den,
kısmet değilse ne gelir elden.

Yaani kikiwa fungu lako kitakuja hata kutoka Bara Hindi, hata kutoka Yemeni. Kisipokuwa, mkono utafanya nini? Hapa ndipo nilipolipata neno riziki. Mswahili akikosa kazi hasemi kudra haikutaka, anasema haikuwa riziki yangu. Posa ikigonga mwamba anasema hivyo hivyo, ingawa mchumba si chakula. Riziki yetu ina mwenyewe, inagawiwa, inaweza kutoka mbali, na aliyeikosa hamlaumu mtu. Wazo la fungu tunalo pia katika usemi wetu wa kuambulia fungu la kukosa.

Mturuki ana neno jingine kwa mambo mazito: kader, ambalo ni kadari. Mtoto akifariki, nyumba ikianguka, ni kader. Basi likimkosa mtu kwa dakika moja, au samaki wakigoma kuuma, ni kısmet. Ajali ya gari nayo anaiita kaza, kutoka Kiarabu cha hukumu iliyopitishwa, kama ambavyo sisi tumechukua ajal, muda wa kufa uliopangwa, tukaufanya kuwa ajali ya barabarani. Mataifa mawili hayakushauriana, yakaenda njia moja.

Wanateolojia wa Kiislamu wanapojadili haya hutumia qadha na qadar. Kısmet ni ya jikoni, sokoni na kwenye posa. Nakutajia kwa sababu Kiingereza kililipokea neno kikidhani kimepokea itikadi.

Kamusi za Kiingereza zinaonyesha kismet katika maandishi kuanzia miaka ya 1830, na aghalabu zinataja 1834. Walioliingiza walikuwa wasafiri, wanajeshi na wanadiplomasia waliorudi kutoka Mashariki. Ila picha iliyolisubiri ilikuwa imeshachorwa zamani. Mwanafalsafa Leibniz, katika kitabu chake cha mwaka 1710, alishaandika juu ya hatima ya Kituruki: kwamba Waturuki, kama ilivyosemekana, hawakimbii hatari wala hawaondoki penye tauni, kwa kuwa la kuwa litakuwa. Neno lilipofika karne moja baadaye lilivishwa nguo hiyo iliyokuwa tayari imeshonwa. Mwaka 1858 daktari Mmarekani aitwaye James Noyes aliandika katika jarida la New York kwamba Waosmani wamegeuka kutoka taifa la washindi na kuwa taifa la walalaji na wavuta tumbaku, na kwamba siku wakifukuzwa Ulaya wataondoka na Kurani mkono mmoja na kiko mkono wa pili, wakilia kismet, kismet, Allah kerim. Kisha akawatafsiria wasomaji wake: Mungu ametaka, Mungu ni mkubwa. Mumeo atacheka. Karim ni mkarimu, si mkubwa. Na kismet haina neno la kutaka ndani yake. Katika maneno mafupi kiasi hicho bwana huyo alikosea yote mawili, na wasomaji wakaridhika kwa kuwa alichosema kilifanana na walichokwisha kuamini.

Kadiri karne ilivyoyoma dharau ikapungua na utamu ukaongezeka. Mwaka 1911 London ilionyeshwa mchezo wa jukwaani wa Edward Knoblock wenye jina hilo, hadithi ya ombaomba wa Baghdadi, na mwaka 1953 ukageuzwa mchezo wa nyimbo huko New York. Mtazamaji wa kawaida akatoka ukumbini na kismet yenye marashi, hariri na mahaba. Hiyo ndiyo inayozungumzwa leo. Mwingereza au Mmarekani anatumia kismet mara nyingi akisimulia jambo lililokwisha kutokea na likamfurahisha: walikutana kwenye foleni ya uwanja wa ndege, wakagundua wanakwenda harusi moja, wakaoana, ilikuwa kismet. Ni nadra kusikia mtu akiitumia kwa kufiwa au kufilisika. Hapo atatumia neno lao la kale, fate. Na sikiliza sarufi: hasemi mara nyingi kismet yangu au yako. Kwake ni upepo uliokuwapo hewani ukawasukuma watu wawili wagongane.

Pana tofauti ya wakati vilevile. Mwingereza anatazama nyuma. Mturuki anaweza kutazama mbele kwa neno hilo hilo. Muulize kama atakuja kesho, anaweza kukujibu kwa neno moja tu, kısmet, na hapo hajasema lolote kuhusu mahaba wala maajabu; amesema tukijaaliwa. Kısmetse, kwa hiyo se ya mwisho, ni ikiwa fungu langu. Mtafsiri wa Kiingereza akiandika hapo neno la hatima, mhusika aliyekuwa anajibu mwaliko wa chai anageuka mtabiri.

Nimefika kwa Nelson, na hili lina raha yake kwa sababu ushahidi upo. Tarehe 21 Oktoba 1805, katika vita vya Trafalgar, Admirali Horatio Nelson alipigwa risasi kwenye sitaha ya meli yake, Victory, saa saba na ushei mchana. Akateremshwa chini ya meli, akafa karibu saa kumi na nusu. Watu wa Kiingereza wamesimuliana kwa vizazi kwamba alimwambia nahodha wake, Thomas Hardy, kiss me, yaani nibusu. Baadaye wakatokea watu walioona aibu kwamba shujaa wa taifa aombe busu la mwanamume mwenzake, wakatafuta njia ya kumsitiri, na sauti ikawasaidia. Kiss me na kismet zinakaribiana. Basi, wakasema, alikuwa anajisalimisha kwa hatima yake, masikio ya waliokuwapo ndiyo yaliyoteleza.

Nadharia hii si ya kipuuzi moja kwa moja, na tuipe haki yake. Nelson alikuwa na uhusiano na Waosmani. Baada ya kuwashinda Wafaransa Abukir mwaka 1798, Sultani Selim wa Tatu alimtunukia pambo la almasi la kuvaa kwenye kilemba, nalo alilichomeka kwenye kofia yake na kuchorwa nalo. Kwamba angeweza kuwa amelisikia neno hilo kwa mdomo wa Mturuki, siwezi kukataa.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza ni miaka: kati ya kifo chake na mara ya kwanza neno kuonekana katika Kiingereza ni karibu miaka thelathini. Nahodha Hardy asingelielewa, na mtu anayekata roho hamwachii rafiki yake kitendawili. La pili lina nguvu zaidi. Daktari wa meli, William Beatty, alikuwa pale, na mwaka 1807 akachapisha maelezo ya saa hizo. Nelson kwanza anahangaikia mwili wake usitupwe baharini. Kisha anamwomba Hardy amtunze Bibi Hamilton, mpenzi wake. Kisha anasema nibusu, Hardy. Na Hardy anafanya nini? Anapiga magoti na kumbusu shavuni. Nelson anasema sasa ameridhika, anamshukuru Mungu kwamba ametimiza wajibu wake. Hardy anasimama kimya dakika moja au mbili, anapiga magoti tena na kumbusu kwenye paji la uso. Nelson anauliza, nani huyo? Hardy, anajibiwa. Mungu akubariki, Hardy.

Mtu hambusu mwenzake mara mbili kwa kusikia vibaya. Tena maneno hayo hayakuwa hata ya mwisho, kwa kuwa aliendelea kusema baada yake. Wanaume wa zama zile walibusiana penye huzuni bila mtu kushangaa. Aibu ni ya wajukuu. Kwa hiyo mwambie mhariri wako kwa upole kwamba hadithi hiyo inaonyesha jinsi Waingereza wa baadaye walivyolipenda neno kismet, ila haituambii chochote juu ya Nelson.

Turudi mezani kwako. Kwa kuwa matini yako ni ya Kiingereza, tatizo si pale neno kismet lilipoachwa, pale una bahati. Tatizo ni pale lilipofichwa. Chukua onyesho ambalo lazima umeshaliona kwa sura moja au nyingine: binti amevunjiwa uchumba, analia kitandani, mama anakaa ukingoni, anampangusa uso, anasema Kısmet değilmiş. Mfasiri wa kwanza aliandika kwa Kiingereza kwamba jambo hilo halikukusudiwa kuwa. Wewe ukilifuata neno kwa neno utaandika halikukusudiwa, na mama wa Istanbul ataanza kuzungumza kama barua ya ofisi.

Tazama kilichomo katika Kituruki. Kısmet ni fungu. Değil ni siyo. Miş ndiyo yenye siri: ni kiambishi cha jambo ambalo msemaji amelijua baadaye, kwa kusikia au kwa kuona matokeo. Kiingereza hakina kifaa hicho. Kiswahili tunacho, na tunakitumia kila siku: ni kumbe. Kumbe haikuwa riziki. Ukitaka kumwongezea mama ulaini, kumbe haikuwa riziki yako, mwanangu. Hapo umepata fungu, umepata mwenye fungu, umepata na ule ugunduzi wa kuchelewa, na idadi ya silabi haitamwacha mwigizaji wa sauti akikimbizana na midomo.

Binti huyo huyo, vipindi kadhaa mbele, anapata mposaji mwema na kumringia. Shangazi anamwambia asiipige teke kısmet yake. Hapo riziki inakubali vizuri: usiipige teke riziki. Bahati pia inaweza, maana Waswahili husema bahati haiji mara mbili, lakini angalia usichanganye. Mturuki ana baht yake, ndugu wa bahati yetu, wote kutoka Kiajemi, na mwandishi angeitaka angeitumia.

Mwenye duka akifunga jioni na mauzo ni haba, akasema kısmet bu kadarmış, ni ndiyo riziki yenyewe ya leo. Jamaa akialikwa na kujibu kısmet, ni inshallah au Mungu akipenda. Majaaliwa itunze kwa wazee na kwa kısmetse yenye unyenyekevu: tukijaaliwa tutaonana. Kudra, nakuomba, iache kabisa kwa kader. Kudra za Mungu kwetu zinanukia msiba au muujiza, na ukiitumia kwa basi lililomkosa mtu, watazamaji watadhani kuna maiti kwenye kipindi kinachofuata.

Mahali pekee utakapohitaji neno jingine kabisa ni pale mhusika mwenyewe anapokuwa Mwingereza au Mmarekani ndani ya tamthilia, anayemwambia mwenyeji wake kwamba kukutana kwao ni kismet. Huyo anatumia kismet ya jukwaani, yenye marashi. Usimpe riziki, itamvaa vibaya. Mpe tuliandikiwa kukutana, au hata mwachie neno la Kituruki mdomoni na lafudhi yake mbovu, kwa kuwa mwandishi kwa kawaida anataka tuone jinsi mgeni anavyolishika neno kwa upande usio wake.

Jambo la mwisho ni dogo ila limewahi kuharibu manukuu ya watu. Ukiona Kısmet kwa herufi kubwa, usitafsiri mpaka ujue ni nani au ni nini. Kuna wanawake wa Kituruki wenye jina hilo. Na wazee wa bahari wakilitaja kwa heshima, huenda wanazungumzia mashua ya Sadun Boro, baharia wa kwanza wa Kituruki kuizunguka dunia kwa tanga, kati ya 1965 na 1968, pamoja na mkewe. Mashua hiyo iliitwa Kısmet, na riziki ya huko haikuwamo zaidi ya samaki.